Bei ya Nondo Zinazosubiri Ghorofa

Pita Mbezi, Kitengela au pembezoni mwa Kampala, utaona nyumba zilizokamilika kila kitu: rangi imepakwa, mapazia yanapepea, wapangaji wameanika nguo. Lakini juu, paa ni zege tambarare, na kutoka kwenye kila nguzo zimechomoza nondo nne au sita zikielekea angani. Mgeni hudhani fedha ziliisha katikati ya ujenzi. Wenyeji wanajua kwamba mwenye nyumba amejiwekea nafasi: mambo yakimwendea vizuri, ataongeza ghorofa, na nondo zile ndizo zitakazounganisha nguzo za chini na za juu.

Nafasi hiyo ina gharama yake, na imelipwa tayari. Msingi umechimbwa kwa kina zaidi, nguzo zimenenepeshwa, zege limesukwa kwa nondo nzito kuliko nyumba ya chini ilivyohitaji. Fedha hizo zimezikwa ardhini siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajajua kama ghorofa ya pili itawahi kujengwa. Je, zilistahili kuzikwa? Wataalamu wa fedha wana njia ya kulijibu swali hilo kwa tarakimu, na haihitaji hesabu ngumu kuliko kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Inaitwa mti wa matawi mawili, na kinachopimwa kwa mti huo huitwa hiari ya kupanua.

Neno hiari limebeba uzito wote. Mwenye nondo anayo haki ya kujenga baadaye, lakini halazimiki. Mtaa ukichangamka, atajenga. Ukidorora, ataziacha nondo zilivyo na hasara yake itaishia kwenye kile alichozika msingini. Mwaka 1977 mwanauchumi Stewart Myers wa Marekani aliipa hali ya namna hii jina lake, akionesha kwamba sehemu ya thamani ya kampuni imo katika nafasi za uwekezaji ambazo bado hazijatumiwa, na kwamba nafasi hizo zinaweza kupewa bei kama zinavyopewa bei haki za kununua hisa sokoni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, John Cox, Stephen Ross na Mark Rubinstein walichapisha makala iliyouweka mti wa matawi mawili katika umbo linalotumika mpaka leo. Hesabu iliyokuwa imefungwa ndani ya milinganyo migumu ikawa kitu ambacho mtu anaweza kukichora kwa penseli.

Mfano mkubwa wa nondo zilizosubiri na zikatumika uko Chicago. Kampuni ya bima ya afya ya Blue Cross Blue Shield ilijenga makao yake katika mtaa wa Randolph, na jengo likakamilika mwaka 1997 likiwa na ghorofa 33. Tangu mwanzo, msingi na nguzo zilitengenezwa kubeba jengo refu zaidi, na ndani yakaachwa matundu ya lifti ambazo hazikuwa na kazi yoyote bado. Kwa miaka kumi hivi, matundu hayo yalikaa matupu. Kisha kampuni ikakua, wafanyakazi wakaongezeka, na ujenzi ukarudi juu ya paa huku maofisa wakiendelea na kazi zao chini. Kufikia mwaka 2010 jengo lilikuwa na ghorofa 57. Kama biashara ingesinyaa, lingebaki na ghorofa zake 33 na hakuna ambaye angelijua siri ya msingi wake.

Ila Chicago ni mbali na namba zake za ndani si rahisi kuzipata. Afadhali tuchukue mfano wa kubuni wa karibu, tuuhesabu mpaka mwisho.

Mama mmoja ana kiwanja kando ya barabara kuu na anajenga jengo la vyumba vya kupangisha, ghorofa mbili. Mhandisi anamwambia: tukiimarisha msingi na nguzo sasa hivi, baadaye utaweza kuongeza ghorofa mbili nyingine. Uimarishaji huo utamgharimu shilingi milioni 30 zaidi leo. Siku atakayoamua kupandisha ghorofa za juu, ujenzi wake utamgharimu milioni 205. Mthamini wa majengo anakadiria kwamba ghorofa hizo mbili, kama zingekuwepo leo na wapangaji ndani, zingeuzika kwa milioni 200. Kibali cha ujenzi alichonacho kinamruhusu kuamua ndani ya miaka miwili. Baada ya hapo nafasi inakwisha.

Ukimpelekea hesabu hii mhasibu wa kawaida, atampa jibu la haraka: ghorofa za milioni 200 kwa gharama ya milioni 205 ni hasara ya milioni 5, na juu yake umeongeza milioni 30 za msingi. Achana nazo. Jibu hilo lina kosa moja. Linachukulia kwamba mama anaamua leo. Haamui leo. Anaamua baada ya kuona mtaa umekwenda wapi.

Mtaa unaweza kwenda kwingi. Stendi ya Magufuli ilipozinduliwa Mbezi Luis mwaka 2021, mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakianzia Ubungo yalihamia huko, na biashara zilizokuwa zikiishi kwa abiria zikalazimika kuhama nayo. Kwa mwenye vyumba vya kulala wageni upande mmoja, hiyo ni njia ya kupanda. Kwa wa upande mwingine, ni njia ya kushuka. Mti wa matawi mawili unafanya jambo moja la ujasiri: unaupunguza wingi huo wote uwe njia mbili kwa kila kipindi. Mahitaji ya vyumba ama yanapanda, ama yanashuka.

Kwa jengo la mama huyu tuseme mwaka mzuri unaongeza thamani ya ghorofa kwa robo, yaani unaizidisha kwa 1.25, na mwaka mbaya unaipunguza kwa moja ya tano, yaani unaizidisha kwa 0.80. Namba hizi mbili hazikuokotwa. Zimechaguliwa ili ukizizidisha upate 1 kamili, kwa hiyo mwaka mzuri ukifuatwa na mbaya, au mbaya ukifuatwa na mzuri, unarudi pale ulipoanzia. Faida yake ni kwamba matawi yanakutana tena katikati, na mti haugeuki kichaka. Kwa shilingi milioni, unaonekana hivi:

```
leo      mwaka 1      mwaka 2

                      312.5
         250
200                   200
         160
                      128
```

Hesabu huanzia mwishoni, mwaka wa pili, kwa sababu hapo ndipo hakuna tena cha kusubiri. Thamani ikiwa 312.5, mama anajenga kwa 205 na kubaki na 107.5. Ikiwa 200, kujenga ni hasara, kwa hiyo hajengi na hiari yake ina thamani ya sifuri. Ikiwa 128, vivyo hivyo, sifuri. Kati ya vituo vitatu vya mwisho, kimoja tu ndicho chenye mali.

Sasa inabidi turudishe hiyo 107.5 mpaka leo, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kuuliza: mwaka mzuri una uwezekano gani? Mama ana matumaini, anasema 8 kwa 10. Basi miaka miwili mizuri mfululizo ni 0.8 mara 0.8, ambayo ni 0.64. Ukizidisha kwa 107.5 unapata 68.8. Ukirudisha miaka miwili kwa riba ya asilimia 10, ambayo tutaichukua kuwa ndiyo inayolipwa na hatifungani za serikali katika mfano huu, unapata karibu milioni 56.9. Hesabu imepangwa vizuri, na jibu si sahihi.

Ili kuona kosa lilipo, tuache miaka miwili kwa muda na tutazame mwaka mmoja tu. Tuseme kibali kinakwisha baada ya mwaka mmoja. Mtaa ukipanda, mama anapata 250 kutoa 205, yaani 45. Ukishuka, hapati kitu. Sasa tumlete mtu wa pili ambaye hana nondo wala kiwanja. Yeye ananunua nusu ya ghorofa mbili kama zile katika jengo la jirani ambalo limekwisha kujengwa. Nusu hiyo ni milioni 100. Sehemu ya fedha anakopa benki: milioni 72.73, kwa riba ya asilimia 10, kwa hiyo baada ya mwaka atarudisha milioni 80. Mfukoni mwake ametoa milioni 27.27.

Mwaka ukapita, mtaa ukapanda. Nusu ya ghorofa sasa ni 125, analipa deni la 80, anabaki na 45. Mtaa ukishuka, nusu ya ghorofa ni 80, analipa deni la 80, anabaki na sifuri. Arobaini na tano au sifuri: sawasawa na hiari ya mama, katika kila hali. Vitu viwili vinavyolipa sawa katika kila hali haviwezi kuwa na bei mbili. Kama hiari ingeuzwa 35, wenye akili wangekimbilia kwa jirani kutengeneza ile ya 27.27. Kwa hiyo hiari ya mwaka mmoja ni milioni 27.27, na hakuna mahali tulipouliza mama ana matumaini kiasi gani.

Jambo hili huwashangaza hata wanafunzi wa fedha. Matumaini yamekwenda wapi? Hayajapotea. Yamo tayari ndani ya ile milioni 200. Watu wote wanaonunua na kuuza vyumba mtaani wameshayapima matumaini yao na hofu zao, na bei ya leo ndiyo matokeo. Kama kila mtu angeamini kwa dhati kwamba mwaka mzuri ni hakika, ghorofa hizo zisingeuzwa 200, zingekuwa ghali zaidi. Ukiweka matumaini tena kwenye hiari, umeyahesabu mara mbili.

Kujenga nusu ya jirani na mkopo kwa kila kituo cha mti kunachosha, na hapo ndipo Cox, Ross na Rubinstein walipowarahisishia wenzao kazi. Jibu lile lile la 27.27 linapatikana kwa njia fupi: jifanye upo katika nchi ambayo watu wake hawaogopi hatari hata kidogo. Katika nchi hiyo hakuna anayedai malipo ya ziada kwa kubeba wasiwasi, kwa hiyo kila mali, iwe jengo au hatifungani, inatarajiwa kuzaa asilimia 10 ile ile. Je, mwaka mzuri ungelazimika kuwa na uwezekano gani ili ghorofa za 200 zitarajiwe kufika 220? Huo ndio uwezekano usiojali hatari, na fomula yake ni hii, u ikiwa kizidishi cha kupanda, d cha kushuka, na r riba isiyo na hatari:

```
p = (1 + r - d) / (u - d)
p = (1.10 - 0.80) / (1.25 - 0.80) = 0.30 / 0.45 = 2/3
```

Theluthi mbili za kupanda, theluthi moja ya kushuka. Hakikisha mwenyewe: theluthi mbili za 250 ni 166.67, theluthi moja ya 160 ni 53.33, jumla 220. Kisha zidisha theluthi mbili kwa 45, unapata 30. Gawanya kwa 1.10, unapata 27.27. Ni ile ile.

Ni lazima kusisitiza kwamba theluthi mbili hizi si utabiri. Hazisemi kwamba mtaa utapanda mara mbili katika kila miaka mitatu. Ni uzito wa mizani tu, uliopatikana kwa kulazimisha bei ya leo ikubaliane na bei za kesho. Anayezichukua kama utabiri na kwenda nazo benki kuombea mkopo amezielewa vibaya, na anayezibadilisha kwa sababu fundi wake ana matumaini makubwa amezielewa vibaya zaidi.

Kuna swali la haki ambalo msomaji makini atauliza: kwa nini tusitumie uwezekano wa kweli, tukapandisha tu riba ili kufidia hatari? Inawezekana kabisa, ila unahitaji kujua riba ipi. Chukua matumaini ya mama, 0.8 ya kupanda. Ghorofa zinatarajiwa kufika 232, kwa hiyo zinazaa asilimia 16. Lakini hiari ya mwaka mmoja, iliyogharimu 27.27, inatarajiwa kulipa 0.8 mara 45, yaani 36. Hiyo ni asilimia 32. Hiari ni mali yenye hatari kubwa kuliko jengo lenyewe, kwa sababu ndani yake mmejificha mkopo, kama tulivyoona kwa yule mtu wa pili. Wanaochukua riba ya jengo na kuitumia kwenye hiari huishia na thamani iliyovimba. Tena riba ya hiari hubadilika katika kila kituo cha mti, kadiri jengo linavyopanda au kushuka. Uwezekano usiojali hatari unatuepusha na shughuli hiyo yote.

Turudi kwenye miaka miwili. Kituo cha juu mwaka wa kwanza, pale thamani ilipo 250, kinatazama mbele kuelekea 107.5 na sifuri. Theluthi mbili za 107.5, gawanya kwa 1.10, ni 65.15. Katika kituo hicho mama anaweza pia kujenga papo hapo na kupata 45. Kusubiri kuna thamani zaidi, kwa hiyo tunaandika 65.15. Kituo cha chini, pale palipo 160, kinatazama sifuri na sifuri, ni sifuri. Leo: theluthi mbili za 65.15, gawanya kwa 1.10, tunapata milioni 39.5.

Msingi wa ziada unagharimu 30. Hiari ina thamani ya 39.5. Mhasibu aliyesema achana nazo amekosea, na mama aagize nondo.

Au ndivyo inavyoonekana. Wathamini wengi huishia hapa, na jibu hili lina tundu linaloweza kumla mama huyu milioni kadhaa.

Tundu ni kodi ya pango. Yule mtu wa pili aliyenunua nusu ya ghorofa za jirani hakai tu akisubiri bei ipande. Kila mwezi wapangaji wanamlipa. Mama mwenye nondo tupu halipwi na mtu. Nondo hazina wapangaji. Kusubiri kuna faida ya kuona mtaa unakwenda wapi, lakini kuna gharama ya kodi inayompita kila mwaka asiojenga, na mti wetu wa kwanza uliisahau kabisa gharama hiyo. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: mti ukikuambia kwamba kusubiri kunashinda kujenga katika kila kituo, hata pale mtaa umefurika wapangaji, jua kwamba kuna mapato yaliyosahauliwa.

Tuseme kodi halisi, baada ya matengenezo na kodi za serikali, ni asilimia 7.5 ya thamani ya ghorofa kwa mwaka. Kwa ghorofa za milioni 200 ni milioni 15. Mwenye ghorofa basi mwisho wa mwaka atakuwa na 265 mtaa ukipanda, au 175 ukishuka. Katika ile nchi isiyojali hatari, jumla hiyo ndiyo inayopaswa kutarajiwa kufika 220. Kwenye fomula tunatoa kodi ya pango juu ya mstari:

```
p = (1.10 - 0.075 - 0.80) / 0.45 = 0.225 / 0.45 = 1/2
```

Uwezekano umeshuka kutoka theluthi mbili hadi nusu. Mantiki yake ni nyepesi: kama sehemu ya pato la jengo inakuja kwa njia ya kodi, basi bei yenyewe haihitaji kupanda sana ili kumridhisha mwenye mali, na hiari hula kupanda kwa bei tu.

Hesabu upya. Kituo cha juu: nusu ya 107.5, gawanya kwa 1.10, ni 48.86. Kujenga papo hapo ni 45. Kusubiri bado kunashinda, lakini pengo la milioni 20 limekuwa chini ya milioni 4. Leo: nusu ya 48.86, gawanya kwa 1.10, ni milioni 22.2.

Msingi ni 30, hiari ni 22.2. Jibu limegeuka. Hakuna kilichobadilika mtaani wala kwenye jengo. Tumekumbuka tu kwamba wapangaji hulipa kodi. Na kama kodi ingekuwa asilimia 10 badala ya 7.5, uwezekano ungekuwa 0.444, na pale kituo cha juu kusubiri kungekuwa na thamani ya 43.4 dhidi ya 45 za kujenga. Hapo mama asingesubiri mwaka wa pili. Angepandisha ghorofa mara tu mtaa unapochangamka.

Namba nyingine inayostahili kukaziwa macho ni ile 1.25 na mwenzake 0.80. Zinatoka wapi? Kwa hisa za soko la hisa, mtu huchukua bei za miaka iliyopita, akapima mtikisiko wake, na kutokana na mtikisiko huo akapata vizidishi. Mtikisiko wa karibu asilimia 22 kwa mwaka ndio unaozaa 1.25 na 0.80. Kwa vyumba vya kupangisha hakuna ubao wa bei wa kila siku. Mthamini hukusanya kodi za mtaa, bei za nyumba zilizouzwa, idadi ya vyumba vilivyokaa vitupu, kisha anakadiria. Makadirio hayo yana nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mtaa ni wa kubahatisha zaidi, kwa mfano unasubiri barabara au chuo ambacho huenda kikaja na huenda kisije, na vizidishi ni 1.5 na 0.667. Kwa kodi ile ile ya asilimia 7.5, hiari inakuwa na thamani ya milioni 37 na ushee. Mashaka yameongezeka, na nafasi ya kusubiri imepanda bei, kwa sababu upande wa juu umerefuka huku upande wa chini ukiishia palepale kwenye sifuri. Ndiyo maana anayetaka kuhalalisha mradi wowote hupenda kuongeza mtikisiko kidogo tu. Mwenye fedha zake na aulize namba hiyo ilitoka kwenye daftari gani.

Mti wenye hatua mbili ni mchoro wa mkono. Kwenye kompyuta mtu huweka hatua 24, moja kwa kila mwezi, au zaidi. Kwa mfano wetu usio na kodi, hatua zikiongezwa bila kikomo jibu linatulia karibu na milioni 41.5, dhidi ya 39.5 tuliyoipata kwa hatua mbili. Tofauti ni ndogo kuliko makosa yaliyomo katika makadirio ya mthamini, kwa hiyo hatua mbili zilizofikiriwa vizuri ni bora kuliko mia mbili zilizojazwa bila kuuliza.

Kisha kuna mambo ambayo hayamo kwenye mti hata ukiwa na hatua elfu. Hoja nzima ya yule mtu wa pili inategemea kwamba nusu ya jengo la jirani inaweza kununuliwa na kuuzwa kwa bei inayojulikana. Mtaani, nusu ya ghorofa haiuzwi, dalali anachukua chake, na muuzaji mmoja mwenye shida ya ada anaweza kuishusha bei ya mtaa mzima kwa mwezi. Bei inayotoka kwenye mti ni ya soko lililonyooka, na mtaa haujanyooka. Gharama ya kujenga nayo tuliiweka 205 miaka yote miwili, wakati saruji na nondo hupanda bei, na mara nyingi hupanda wakati uleule ambapo kila mtu anajenga kwa sababu mahitaji yamepanda. Njia ya kupanda inapoteza sehemu ya utamu wake. Anayetaka kuwa mwangalifu aweke gharama kubwa zaidi kwenye vituo vya juu.

Na hiari hii ya nondo ina tabia ambayo haki za kununua hisa hazina: inaoza. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, hewa ya bahari ina chumvi, na nondo iliyoachwa wazi hushika kutu haraka. Kutu ikila chuma, nguzo ya juu haitashikana na ya chini kama mhandisi alivyohesabu. Ndiyo maana mafundi wazuri hufunika ncha zile kwa zege hafifu linalobomoleka baadaye, au kuzipaka kinga.

Lililo baya zaidi ni kutumia hiari ambayo haikuwahi kununuliwa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa viwandani. Ghorofa zake za juu zilikuwa zimejengwa bila kibali. Hapo hakukuwa na mti wowote wa kuchora, kwa sababu thamani ya hiari ya kupanda juu ya msingi usiotengenezwa kubeba ni sifuri katika kila tawi.

Basi mama yetu aliyepata 22.2 kwa gharama ya 30 afanye nini? Hesabu yenyewe inamwelekeza swali la kumrudishia mhandisi: katika hizo milioni 30, ni zipi ambazo lazima zitumike leo? Msingi hauwezi kuimarishwa kwa urahisi jengo likishasimama juu yake. Nguzo ni jambo jingine. Nguzo zinaweza kuvishwa koti la zege lenye nondo mpya baadaye, ingawa kwa gharama kubwa zaidi na kwa kuwasumbua wapangaji. Tuseme mhandisi anakubali kuimarisha msingi peke yake kwa milioni 15 leo, na kazi ya nguzo inaongeza gharama ya kupanda kutoka 205 hadi 212. Kituo cha mwisho cha juu sasa kinalipa 100.5. Nusu yake, gawanya kwa 1.10, ni 45.7 kwenye kituo cha mwaka wa kwanza. Nusu tena, gawanya tena, ni milioni 20.8 leo. Hiari imepungua thamani kwa milioni moja na nusu tu, na bei ya kuinunua imeshuka kwa 15. Kwa nguzo nyembamba juu ya msingi mnene, mama amebaki na ziada ya karibu milioni 6, na mkandarasi anaweza kuanza kuchimba.